Kutuma pesa kwa simu kuvuka mpaka: jinsi ya kupima kiwango ulichopewa dhidi ya benki na kampuni za kutuma fedha

Ukituma shilingi 10,000 za Kenya kwenda Tanzania kwa simu, ujumbe unaobaki kwenye simu yako utakutajia ada. Tuseme ni shilingi 100. Watu wengi huishia hapo: nimekatwa mia, si mbaya. Lakini mia hiyo ndiyo sehemu ndogo kabisa ya ulichokatwa. Sehemu kubwa imo ndani ya kiwango cha kubadilisha fedha, nayo haiandikwi popote kama makato. Mpokeaji hajui, kwa sababu yeye anaona tu shilingi za Tanzania zilizoingia. Wewe hujui, kwa sababu huna cha kulinganisha nacho.

Mwongozo huu ni wa kupata hicho cha kulinganisha nacho. Nitafuata njia moja, Kenya kwenda Tanzania, kwa sababu ndiyo niliyoipita mara nyingi, na kwa sababu M-Pesa ya nchi hizi mbili iliunganishwa mwaka 2015, kwa hiyo wengi wanaifahamu. Hesabu ni ileile ukituma Uganda, Rwanda au kwingineko. Viwango na ada nitakazotumia kwenye mfano nimezikata ziwe namba za mviringo ili uzifuate kwa urahisi. Siku utakapotuma, weka namba za siku hiyo.

Kwanza, ujue nini kinatokea mpakani

Hakuna shilingi inayovuka. Pesa iliyo kwenye simu yako ni salio ambalo mtandao umeliandika, na fedha halisi zinazolibeba zimewekwa kwenye akaunti za amana katika benki za Kenya. Salio la mdogo wako aliye Tanzania nalo limebebwa na fedha zilizo katika benki za Tanzania. Ukibonyeza namba ya siri, salio lako linapunguzwa huku, na la mpokeaji linaongezwa kule kutoka kwenye akiba ambayo mtandao au mshirika wake ameshaiweka Tanzania mapema, tena kwa shilingi za Tanzania. Ndiyo maana pesa inafika kwa sekunde chache. Ilikuwa imeshafika kabla hujaituma.

Mwenye hiyo akiba lazima aijaze tena. Mara nyingi mitandao huwaachia kazi hii wapatanishi wanaounganisha nchi nyingi kwa mpigo, kama Onafriq, iliyokuwa ikiitwa MFS Africa hadi 2023, au hufanya na benki. Na soko la kubadilisha shilingi ya Kenya moja kwa moja kwa shilingi ya Tanzania ni dogo. Kwa kawaida shilingi ya Kenya inauzwa kupata dola, kisha dola inauzwa kupata shilingi ya Tanzania. Hayo ni mabadilishano mawili, na kila moja lina anayechukua chake. Juu yake mtandao unaweka kinga, kwa sababu ukishakutangazia kiwango asubuhi, kikiyumba mchana hasara ni yake. Kinga hiyo na faida yake vinaingia vyote kwenye namba moja unayoiona: kiwango.

Kwa hiyo kiwango cha simu kuwa kibaya kuliko cha soko si wizi. Ni bei. Ila ni bei ambayo hutaiona mpaka uitafute mwenyewe.

Hatua ya 1: tafuta kiwango cha kati cha siku hiyo

Kiwango cha kati ni nusu ya njia kati ya bei ya kununua na bei ya kuuza. Hakuna atakayekuuzia kwa bei hiyo, wala usiende benki kuidai. Kazi yake ni kuwa rula.

Benki Kuu ya Tanzania hutangaza kwenye tovuti yake kila siku ya kazi jedwali la fedha za kigeni lenye safu tatu: kununua, kuuza na wastani. Tafuta mstari wa shilingi ya Kenya, kisha chukua wastani. Benki Kuu ya Kenya nayo hutangaza viwango vyake. Hapo angalia mwelekeo kwa makini: kwa dola utaona dola moja ni shilingi ngapi za Kenya, lakini kwa Tanzania utaona shilingi moja ya Kenya ni shilingi ngapi za Tanzania. Nimewaona watu wakigawanya palipotakiwa kuzidisha kwa sababu ya mpangilio huo.

Namba za benki kuu hizi mbili hazitalingana mpaka senti ya mwisho. Chagua moja uitumie siku zote, ili ulinganisho wako wa mwezi huu na wa mwezi ujao uwe wa rula ileile. Katika mfano wetu kiwango cha kati ni 20: shilingi moja ya Kenya kwa shilingi 20 za Tanzania.

Hatua ya 2: uliza bei kote bila kutuma

Hapa ndipo wengi huchoka, na ndipo penye pesa. Unatakiwa kupata bei tatu ndani ya saa moja, kwa kiasi kilekile.

Kwa simu, ingia kwenye menyu ya kutuma nje ya nchi, weka nchi, namba na kiasi, uendelee mpaka skrini ya mwisho kabla ya namba ya siri. Hapo ndipo unapoonyeshwa mpokeaji atapata kiasi gani. Kiandike, kisha toka bila kuthibitisha. Hujatuma chochote, wala hujakatwa.

Kampuni za kutuma fedha nazo zina kikokotoo kwenye tovuti au programu zao. Angalia mambo mawili hapo. Kampuni hiyohiyo inaweza kuwa na viwango tofauti kwa pesa taslimu ya kuchukua kwa wakala, pesa ya kuingia kwenye simu na pesa ya kuingia benki, kwa hiyo chagua njia ambayo mpokeaji ataitumia kweli. Pili, kiwango kizuri unachoonyeshwa unapojiunga mara nyingi ni cha muamala wa kwanza tu. Ukitaka kujua bei yao ya kawaida, tazama masharti yaliyo chini ya kiwango hicho, au mwombe mtu ambaye ni mteja wao wa zamani akuangalizie.

Benki ndiyo ngumu. Kiwango kilicho kwenye ubao wa ukumbini mara nyingi ni cha noti, na kiwango cha kutuma kwa akaunti ni kingine. Muulize mhudumu kwa maneno haya: "Leo nikituma shilingi 10,000 za Kenya kwenda akaunti ya shilingi ya Tanzania, kiwango cha kutuma ni kipi, na nitakatwa nini na nini?" Akikutajia ada moja tu, muulize kuhusu gharama ya ujumbe wa SWIFT, mtandao ambao benki za dunia hutumiana maagizo ya malipo, kwa sababu huwa na mstari wake peke yake. Halafu mwambie mpokeaji aiulize benki yake inakata kiasi gani kupokea pesa kutoka nje.

Kwa kila njia, andika namba mbili tu: jumla iliyotoka mfukoni mwako, na jumla itakayokuwa mkononi mwa mpokeaji tayari kutumika. Kiwango chenyewe huhitaji hata kukiandika, kwa sababu kimo ndani ya namba hizo mbili.

Hatua ya 3: piga hesabu moja

Gharama kamili, kwa asilimia, ni hii:

```
gharama = 100 × (1 − iliyopokelewa ÷ (iliyotoka × kiwango cha kati))
```

Kwenye lahajedwali, ukiweka iliyotoka kwenye A2, iliyopokelewa kwenye B2 na kiwango cha kati kwenye C2, andika:

```
=100*(1-B2/(A2*C2))
```

Tuchukue sasa shilingi 10,000 za Kenya.

Kwa simu, ada ni 100, kwa hiyo mfukoni zimetoka 10,100. Kiwango ulichopewa ni 19.40. Mpokeaji anaingiziwa 194,000 za Tanzania. Anakwenda kwa wakala kutoa, anakatwa 3,500, anabaki na 190,500 mkononi. Kwa kiwango cha kati, 10,100 zako zilikuwa na thamani ya 202,000. Zimepotea 11,500 njiani, yaani asilimia 5.7.

Zitazame hizo 11,500 zilivyogawanyika. Ile ada ya 100 uliyoiona kwenye ujumbe ni sawa na 2,000 za Tanzania. Kutoa kwa wakala ni 3,500. Kiwango peke yake kimekula 6,000: zaidi ya nusu ya gharama yote, nayo ndiyo pekee ambayo hakuna ujumbe ulioitaja.

Kampuni ya kutuma fedha inatangaza "bila ada". Unatoa 10,000 kamili, kiwango ni 19.10, mpokeaji anachukua taslimu 191,000 kwa wakala wao bila kukatwa. Zilizopotea ni 9,000 kati ya 200,000, yaani asilimia 4.5. Kiwango chao ni kibaya kuliko cha simu, lakini wameshinda, kwa sababu mpokeaji hakulipa kutoa.

Sasa badilisha kitu kimoja tu. Mpokeaji hatoi taslimu, analipia umeme, ada ya shule na bidhaa kwa salio la simu moja kwa moja. Njia ya simu inabaki na 194,000 kati ya 202,000, gharama inashuka hadi karibu asilimia 4, na simu ndiyo inayoshinda. Viwango ni vilevile na siku ni ileile. Kilichobadilika ni anavyoitumia mpokeaji. Ndiyo maana kabla ya kuuliza njia ipi ni nafuu, mimi humpigia kwanza anayepokea na kumuuliza: utazitoa, au utalipa kwa simu? Wengi wetu huongeza tu "na ya kutolea" bila kuuliza, tukampa wakala pesa ambayo haikuhitajika.

Benki kwa kiasi hiki haina nafasi. Tuseme ada na SWIFT kwa pamoja ni 1,500, kiwango ni 19.80, na benki ya mpokeaji inakata 10,000 za Tanzania kupokea. Zimetoka 11,500 mfukoni, zenye thamani ya 230,000. Zimefika 188,000. Hiyo ni asilimia 18. Kiwango chao kilikuwa kizuri kuliko vyote vitatu, na bado ndiyo njia ghali kuliko zote.

Je, asilimia 4 au 5 ni nyingi? Benki ya Dunia, ambayo hukusanya bei za kutuma pesa duniani kote kwa kupima dola 200 na dola 500, huhesabu kama tulivyofanya hapa: ada pamoja na kinachopotea kwenye kiwango. Katika malengo ya maendeleo endelevu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, nchi zilikubaliana kwamba kufikia 2030 gharama ishuke chini ya asilimia 3, na pasiwe na njia yoyote ya nchi hadi nchi inayozidi asilimia 5. Kwa hiyo hesabu yako ikitoka zaidi ya 5, unalipa bei ambayo serikali zenyewe zimekubali kwamba haifai. Nikiona 7 au 8, mimi huahirisha na kutafuta njia nyingine, isipokuwa mtu yuko hospitali.

Hatua ya 4: tafuta kiasi ambacho benki inaanza kushinda

Simu na benki hutoza kwa namna mbili tofauti. Simu ina ada ndogo na kiwango kibaya, kwa hiyo gharama yake inakua pamoja na kiasi. Benki ina ada kubwa isiyobadilika sana na kiwango kizuri, kwa hiyo ukituma kidogo ada inakumaliza, ukituma kingi inasahaulika. Lazima pawepo mahali zinapokutana, na unaweza kupapata wewe mwenyewe kwa karatasi na kalamu.

Geuza kwanza ada zote ziwe shilingi za Tanzania. Benki: 1,500 za Kenya ni 30,000, ongeza 10,000 za kupokea, jumla 40,000. Simu: ukituma kiasi kikubwa, tuseme ada ni 200 za Kenya, yaani 4,000. Benki inakuzidishia 36,000. Sasa angalia tofauti ya viwango: 19.80 kwa benki, 19.40 kwa simu. Kila shilingi ya Kenya unayoipitisha benki inakuokolea senti 40 za Tanzania. Gawanya 36,000 kwa 0.40. Jibu ni 90,000.

Kwa bei hizo, chini ya shilingi 90,000 za Kenya tumia simu, juu ya hapo nenda benki. Jaribu na 150,000. Kwa simu gharama ni 94,000 za Tanzania, kwa benki ni 70,000. Umeokoa 24,000 kwa kupanga foleni mara moja. Kama mpokeaji lazima atoe taslimu kwa wakala, kiasi hicho cha kugeuzia kinashuka zaidi, kwa sababu makato ya kutoa yanaongezeka upande wa simu.

Kwa kiasi kikubwa kuna sababu mbili zaidi za kuangalia benki. Moja ni ukomo. M-Pesa ya Kenya, kwa mfano, tangu 2023 inaruhusu hadi shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na salio la hadi 500,000, na kutuma nje kunaweza kuwa na ukomo wake wa chini zaidi, bila kusahau ukomo wa salio la mpokeaji. Ukiigawa pesa vipande vitatu, unalipa ada mara tatu. Ya pili ni kwamba kiwango cha benki kinajadiliwa. Ukiwa na kiasi cha maana, omba uongee na dawati la fedha za kigeni badala ya kaunta, uwatajie bei uliyopewa na benki nyingine. Simu haina mtu wa kujadiliana naye.

Ukituma kwa benki, kuna herufi tatu kwenye fomu za kuangalia kabla ya kusaini. OUR ina maana gharama zote ni juu yako. SHA ina maana unalipa za benki yako, na za njiani na za kupokea anakatwa mpokeaji. BEN ina maana zote anakatwa mpokeaji. Usipochagua, mara nyingi fomu huenda na SHA. Nililijua hili kwa uchungu. Nilimlipia mdogo wangu ada ya chuo, iliyotakiwa kuwa shilingi 2,000,000 za Tanzania kamili, na nikahesabu kiwango vizuri kabisa. Siku ya tatu akanipigia: "Dada, imeingia pungufu, wamekataa kunisajili." Benki ya katikati, iliyopitisha pesa kati ya benki yangu na yake, ilikuwa imechukua chake, na ya kupokea ikachukua chake. Ilibidi nimtumie kilichopungua kwa simu usiku huohuo. Fedha inapotakiwa kufika kamili mahali, kama ada au ankara, weka OUR, uandike kiasi kwa fedha ya mpokeaji, si kwa yako.

Uliza pia kama benki yako inaweza kupitisha malipo kwa EAPS, mfumo unaounganisha benki kuu za Afrika Mashariki kwa fedha za nchi zenyewe. Malipo yakipita huko, benki za kigeni za katikati hazihusiki. Si kila mhudumu wa kaunta anaufahamu, kwa hiyo utaje kwa jina.

Ukituma kutoka upande wa Tanzania: mtego wa desimali

Geuza safari. Sasa unatuma shilingi za Tanzania kwenda Kenya, na kiwango kinakuwa namba ndogo. Kiwango cha kati cha 20 kikigeuzwa ni 0.05. Unatuma 200,000, skrini inakuandikia kiwango ni 0.05, unaridhika. Lakini aliyepokea ameingiziwa 9,700 badala ya 10,000. Gawanya 9,700 kwa 200,000 upate 0.0485. Skrini ikikadiria namba hadi desimali mbili, 0.0485 inaonekana 0.05, na asilimia 3 imepotea ndani ya desimali ambazo hukuonyeshwa.

Hakuna haja ya kubishana na skrini. Chukua kiasi kitakachopokelewa, gawanya kwa kiasi kinachotoka, upate kiwango chako mwenyewe hadi desimali nne au zaidi. Kiasi hakiwezi kukatwa desimali na kikaficha kitu.

Siku na saa

Soko la fedha za kigeni hufungwa mwishoni mwa wiki, lakini simu hazifungwi. Ukituma Jumamosi usiku, anayekupa kiwango hawezi kununua dola mpaka Jumatatu, kwa hiyo anaweza kujiwekea kinga zaidi au kukuachia kiwango cha Ijumaa. Kukiwa na mtikisiko, shilingi ya upande mmoja ikishuka kwa kasi, kinga hiyo hupanuka. Kama pesa si ya haraka, linganisha skrini ya Jumapili na ya Jumatatu saa nne asubuhi kwa kiasi kilekile, uone kama mtandao wako unafanya hivyo. Fanya kwa majuma mawili au matatu, utaujua mwenendo wake.

Njia hizi pia zinatofautiana katika ni lini kiwango kinafungwa. Kwa simu, ulichokiona kwenye skrini ya mwisho ndicho kinachotumika ukibonyeza namba ya siri. Kampuni nyingi za kutuma fedha hufunga kiwango unapothibitisha, ila ukichelewa kulipa, agizo linakwisha muda na kiwango kinabadilika. Kwa benki, kiwango alichokuambia mhudumu saa tatu kinaweza kisiwe kilichotumika malipo yalipopitishwa saa tisa. Mwombe aandike kiwango kwenye fomu kabla hujasaini.

Vipi kuhusu mtu mwenye laini mbili?

Mipakani kuna watu wenye laini za nchi zote mbili: unamtumia shilingi za Kenya kwenye laini moja, yeye anamtumia mpokeaji wako za Tanzania kwa laini nyingine. Kiwango chake mara nyingi ni kizuri, kwa sababu analipa ada za ndani tu na habadilishi kupitia dola. Lakini kwenye kumbukumbu za mtandao wewe umemtumia mtu pesa kwa hiari, basi. Akikataa kutuma upande wa pili, hakuna muamala wa kurudisha, na kufanya biashara ya kubadilisha fedha bila leseni ni kosa la kisheria. Sipendekezi, hata kama senti zinavutia.

Muamala ukikwama

Dalili ya kawaida ni hii: umekatwa, una ujumbe, mpokeaji hana kitu. Usitume tena. Subiri kidogo, kisha angalia salio lako, maana mara nyingine pesa hurudi kimyakimya. Sababu za mara kwa mara ni salio la mpokeaji kufikia ukomo, laini isiyosajiliwa kwa huduma ya pesa, au akiba ya mshirika wa kule kuisha.

Isiporudi, piga simu huduma kwa wateja ukiwa na vitu vitatu: namba ya muamala iliyo kwenye ujumbe, saa kamili, na kiasi cha fedha zote mbili. Uliza swali moja la wazi: nitarudishiwa kiasi kilekile cha shilingi za Kenya nilichotoa, pamoja na ada? Muamala ambao haukufika unatakiwa kurudi hivyo. Tofauti ni pale pesa ilipofika kweli kwenye namba isiyo sahihi kisha ikarudishwa. Hapo inaweza kubadilishwa mara ya pili kwa kiwango cha kurudi, na katika mfano wetu ungepoteza karibu asilimia 3 kwenda na nyingine kama hiyo kurudi, hata kabla ya ada. Kwa hiyo jina linapotokea kwenye skrini ya mwisho, lisome lote, si herufi za kwanza tu. Kama huduma yako haionyeshi jina la mpokeaji wa nje, tuma kwanza kiasi kidogo, asome alichopata, ndipo utume kilichobaki.

Ujumbe wa kila muamala usiufute. Kwenye daftari au lahajedwali andika tarehe, njia, iliyotoka, iliyopokelewa, na kiwango cha kati cha siku hiyo. Baada ya miamala sita au saba utaona ni njia gani hupandisha bei taratibu baada ya kukuvutia mwanzoni, na ni kwa kiasi gani hasa simu inaachia nafasi kwa benki katika safari yako mwenyewe.